Chumvi Moja, Majibu Matatu: Jinsi ya Kutabiri Kinachotokea Kwenye Kila Elektrodi

Elektrolisisi ni kuvunja kampaundi kwa nguvu ya umeme. Vijiti viwili vinavyopitisha umeme, yaani elektrodi, huchovywa ndani ya kimiminika chenye ioni, kisha huunganishwa na betri. Kijiti kilichounganishwa na ncha hasi huitwa kathodi, na kile cha ncha chanya huitwa anodi. Ioni chanya huvutwa kwenye kathodi na kupokea elektroni huko. Ioni hasi huvutwa kwenye anodi na kuziacha elektroni zake. Swali la mtihani juu ya mada hii kwa kawaida huwa na sehemu mbili: kutaja kinachopatikana kwenye kila elektrodi, na kuandika mlinganyo nusu unaoonyesha elektroni zikipokelewa au zikiachwa.

Chumvi ya mezani, ambayo kwa jina la kikemia ni kloridi ya sodiamu, inatosha kufundisha karibu mada yote. Ikiyeyushwa kwa moto bila maji, hutoa sodiamu na klorini. Ikiwa katika maji na imekolea, hutoa hidrojeni na klorini. Ikiwa katika maji mengi na ni hafifu, hutoa hidrojeni na oksijeni. Chumvi ni ile ile, betri ni ile ile, hata vijiti vyaweza kuwa vile vile vya grafiti, lakini majibu ni matatu. Mwanafunzi aliyekariri kwamba kloridi ya sodiamu hutoa sodiamu na klorini atapata alama zote katika swali moja na kukosa katika mawili yanayofuata. Kinachotofautisha majibu hayo ni ioni zilizomo ndani ya chombo. Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya kutaja elektrodi yoyote, ni kuandika pembeni ya karatasi orodha ya ioni zote zilizopo.

Hali ya kwanza ndiyo rahisi. Chumvi ikiwa kavu haipitishi umeme, kwa sababu ioni zake zimefungwa mahali pamoja ndani ya fuwele na haziwezi kusogea. Ikipashwa moto hadi nyuzi 801 za Selsiasi, huyeyuka na ioni zikawa huru. Ndani ya chombo hicho mna ioni za aina mbili tu: Na⁺ na Cl⁻. Hakuna maji, kwa hiyo hakuna ushindani. Ioni chanya ni moja, nayo lazima iende kathodi. Ioni hasi ni moja, nayo lazima iende anodi.

Kathodi: Na⁺ + e⁻ → Na

Anodi: 2Cl⁻ → Cl₂ + 2e⁻

Milinganyo hii miwili inastahili kutazamwa polepole, maana makosa mengi ya uandishi huonekana hapa. Kwenye kathodi, elektroni zinaingia, kwa hiyo zinaandikwa upande wa kushoto wa mshale. Kwenye anodi, elektroni zinatoka, kwa hiyo zinaandikwa upande wa kulia. Idadi yake haikisiwi, bali hupatikana kwa hatua tatu. Kwanza huandikwa ioni upande wa kushoto na zao lake upande wa kulia. Kwa klorini, zao si atomi moja ya Cl bali ni molekuli Cl₂, kwa kuwa gesi hiyo hukaa kwa atomi mbili mbili. Pili, atomi husawazishwa: molekuli moja ya klorini inadai ioni mbili za kloridi, ndiyo maana ya 2 mbele ya Cl⁻. Tatu, chaji husawazishwa kwa kuongeza elektroni. Kushoto kuna chaji hasi mbili, kulia klorini haina chaji, basi elektroni mbili huwekwa kulia ili pande zote mbili ziwe na hasi mbili.

Anayeandika Cl⁻ → Cl + e⁻ amesawazisha chaji lakini ametaja kitu ambacho hakitoki kwenye chombo. Anayeandika Cl₂⁻ → Cl₂ + e⁻ amebuni ioni isiyokuwepo. Ukaguzi wa mwisho ni kujumlisha chaji za kila upande. Zikilingana, na atomi zikilingana, mlinganyo umesimama. Zikitofautiana, elektroni zimewekwa upande usio wake au idadi yake si sahihi.

Shuleni jaribio la chumvi iliyoyeyushwa kwa moto halifanywi kwa kloridi ya sodiamu, kwa sababu joto lake ni kali mno. Hutumiwa bromidi ya risasi, inayoyeyuka kwenye nyuzi 373. Mpaka hapo taa ndogo iliyounganishwa kwenye sakiti huwa imezima. Unga ukianza kuyeyuka, taa huwaka. Mvuke wa kahawia wa bromini huonekana ukipanda kutoka anodi, na risasi iliyoyeyuka hukusanyika chini ya kathodi kama tone linalong'aa kwa rangi ya fedha. Kazi hiyo hufanywa ndani ya kabati la kutolea gesi, kwani bromini ni sumu. Milinganyo yake hufuata njia ile ile: Pb²⁺ + 2e⁻ → Pb kwa kathodi, na 2Br⁻ → Br₂ + 2e⁻ kwa anodi. Ioni ya risasi ina chaji mbili, kwa hiyo inahitaji elektroni mbili. Sodiamu ilihitaji moja tu.

Maji yakiongezwa, mambo hubadilika kabisa, na historia ya kemia inaonyesha jambo hili hata watafiti wa kwanza lilivyowapata. Mwaka 1807 huko London, Humphry Davy alitaka kupata metali iliyojificha ndani ya potashi, ambayo leo hujulikana kama hidroksidi ya potasiamu. Alipopitisha umeme katika potashi iliyochanganywa na maji, alipata hidrojeni na oksijeni tu. Maji ndiyo yaliyokuwa yakivunjika. Ndipo alipoacha maji na kutumia potashi yenyewe, yenye unyevu kidogo tu wa juu ili ipitishe umeme. Potashi ilianza kuyeyuka pale ilipogusana na elektrodi, na upande wa ncha hasi vikatokea vitone vinavyong'aa kama metali, vingine vikilipuka na kuwaka papo hapo. Hiyo ilikuwa potasiamu. Muda mfupi baadaye alipata sodiamu kwa njia hiyo hiyo. Mtahiniwa anayeandika kwamba maji ya chumvi hutoa sodiamu kwenye kathodi anadai jambo ambalo Davy alishindwa kulipata mpaka alipoyaondoa maji.

Sababu ni kwamba maji nayo huleta ioni zake. Sehemu ndogo sana ya molekuli za maji safi, takriban moja katika kila milioni 550 kwa wakati wowote, huwa imegawanyika kuwa H⁺ na OH⁻. Kiasi hicho ni kidogo, lakini hakiishi: kila ioni ya hidrojeni inapoondolewa kwenye kathodi, molekuli nyingine ya maji hugawanyika na kujaza pengo. Kwa hiyo orodha ya ioni katika maji ya chumvi huwa na nne: Na⁺ na Cl⁻ kutoka kwenye chumvi, H⁺ na OH⁻ kutoka kwenye maji. Sasa kila elektrodi inaendewa na ioni mbili, na ni lazima kuamua ipi itaondolewa chaji.

Kwenye kathodi, kanuni ni moja. Metali iliyo juu sana katika mfuatano wa utendaji, kama potasiamu, sodiamu, kalsiamu, magnesiamu na alumini, hupenda mno kubaki ioni. Ni vigumu kuilazimisha ipokee elektroni. Hidrojeni hupokea kwa urahisi zaidi, kwa hiyo ndiyo inayotoka. Metali iliyo chini ya hidrojeni, kama shaba na fedha, hupokea elektroni kwa urahisi kuliko hidrojeni, kwa hiyo metali yenyewe hutanda juu ya kathodi. Sodiamu iko juu, basi katika maji ya chumvi kinachotoka kwenye kathodi ni hidrojeni:

2H⁺ + 2e⁻ → H₂

Vitabu vingine huandika jambo hilo hilo kwa kuanzia na molekuli ya maji:

2H₂O + 2e⁻ → H₂ + 2OH⁻

Milinganyo yote miwili ni sahihi. Wa pili una faida moja: unaonyesha waziwazi kwamba ioni za hidroksidi zinarundikana karibu na kathodi. Tone la fenoftalini likiwekwa upande huo, maji hugeuka rangi ya waridi muda mfupi baada ya umeme kuwashwa, na rangi hiyo huanzia pale pale kwenye kijiti kabla ya kusambaa. Kisichofaa ni kuchanganya milinganyo hiyo miwili katika jibu moja, kwa mfano kuandika H⁺ upande wa kushoto na OH⁻ upande wa kulia bila maji. Hapo atomi hazitalingana.

Anodi ina ugumu zaidi, na ndiyo inayotenganisha jibu la pili na la tatu. Zinazoshindana hapo ni Cl⁻ na OH⁻. Ukiangalia mahitaji ya nishati peke yake, oksijeni ndiyo ingepaswa kutoka kwanza, kwa kuwa katika maji yasiyo na asidi wala besi huhitaji volti 0.82 hivi, ambapo klorini huhitaji 1.36 katika hali sanifu. Lakini kutengeneza molekuli moja ya oksijeni ni kazi ndefu: elektroni nne lazima ziondoke, na atomi mbili za oksijeni zikutane na kuungana juu ya uso wa kijiti. Juu ya grafiti kazi hiyo huenda taratibu mno, hata ikahitaji msukumo wa ziada wa umeme. Klorini haina kizuizi kikubwa namna hiyo. Basi kloridi ikiwa tele, klorini huwahi. Ikiwa haba, oksijeni hupata nafasi.

Ndiyo maana neno "iliyokolea" au "hafifu" katika swali halikuwekwa kwa kupamba sentensi. Lina uzito sawa na jina la chumvi yenyewe. Mtahiniwa mwangalifu hulipigia mstari kabla ya kuendelea. Kwa maji ya chumvi yaliyokolea:

Anodi: 2Cl⁻ → Cl₂ + 2e⁻

Na kwa maji ya chumvi hafifu sana:

Anodi: 4OH⁻ → 2H₂O + O₂ + 4e⁻

Mlinganyo huu wa mwisho ndio unaokosewa kuliko yote, ilhali ukikaguliwa kwa njia ile ile hauna utata. Kushoto kuna oksijeni nne na hidrojeni nne. Kulia, maji mawili yana hidrojeni nne na oksijeni mbili, na molekuli ya O₂ inaleta oksijeni mbili nyingine. Chaji ya kushoto ni hasi nne, na ya kulia ni hasi nne zinazobebwa na elektroni. Anayesahau maji upande wa kulia hataweza kusawazisha hidrojeni, na hilo peke yake linatosha kumwonyesha kwamba kuna kitu kimepotea.

Kati ya kukolea na kuwa hafifu hakuna mpaka mkali. Maji ya chumvi ya wastani hutoa mchanganyiko wa klorini na oksijeni, na mtungaji makini wa mitihani hukwepa eneo hilo. Lakini kuna swali moja zuri linalotokana na jambo hili: nini kitatokea iwapo umeme utaachwa upite kwa muda mrefu katika maji ya chumvi hafifu? Hidrojeni na oksijeni zinatoka, maana yake maji yanapungua huku chumvi ikibaki yote. Maji ya chumvi yanazidi kukolea, na baada ya muda klorini itaanza kutoka kwenye anodi iliyokuwa ikitoa oksijeni.

Gesi hizi hutambulika kwa vipimo vitatu vya kawaida. Hidrojeni hutoa mlio mfupi wa kupasuka ikisogezewa kijiti kinachowaka. Oksijeni huwasha tena kijiti chenye kaa tu. Klorini hugeuza karatasi yenye unyevu ya litimasi ya buluu kuwa nyekundu, kisha huifubaza mpaka ikawa nyeupe. Ujazo nao husema jambo. Katika maji ya chumvi hafifu, hidrojeni huwa mara mbili ya oksijeni, kwa sababu elektroni nne zinazotoa molekuli moja ya oksijeni zinatosha kutoa mbili za hidrojeni. Katika maji yaliyokolea, hidrojeni na klorini zinapaswa kulingana, lakini mwanzoni klorini huonekana pungufu katika mrija wake, kwa kuwa sehemu yake humumunyika katika maji. Swali likionyesha mchoro wa mirija miwili isiyolingana na kuuliza sababu, hilo ndilo jibu.

Linabaki swali la kilichosalia ndani ya chombo. Katika maji ya chumvi yaliyokolea, H⁺ na Cl⁻ zimeondoka, zimebaki Na⁺ na OH⁻. Hizo ndizo hidroksidi ya sodiamu, yaani magadi makali ya kutengenezea sabuni. Milinganyo nusu miwili yenye elektroni mbili mbili ikijumlishwa, elektroni hujifuta, na ioni za sodiamu zilizokuwa zikitazama tu zikirudishwa, hupatikana mlinganyo kamili:

2NaCl + 2H₂O → 2NaOH + H₂ + Cl₂

Iwapo idadi za elektroni hazilingani, mmoja huzidishwa kwanza. Mfano ni oksidi ya alumini iliyoyeyushwa, ambapo kathodi ni Al³⁺ + 3e⁻ → Al na anodi ni 2O²⁻ → O₂ + 4e⁻. Wa kwanza huzidishwa kwa nne na wa pili kwa tatu, ili zote ziwe elektroni kumi na mbili. Katika mfano huo kuna jambo lingine la kukumbuka: oksijeni inayotoka kwenye joto kali huunguza anodi za kaboni na kuwa kaboni dioksidi, ndiyo maana anodi hizo hubadilishwa mara kwa mara viwandani.

Mpaka hapa vijiti vimechukuliwa kuwa havishiriki. Grafiti na platinamu kwa kawaida hubeba umeme tu. Lakini anodi ikiwa ya metali inayoweza kuacha elektroni kwa urahisi, yenyewe huingia katika orodha ya washindani, na mara nyingi hushinda. Salfeti ya shaba inaonyesha tofauti hiyo vizuri. Ioni zilizopo ni Cu²⁺, SO₄²⁻, H⁺ na OH⁻. Shaba iko chini ya hidrojeni, kwa hiyo kathodi haina utata:

Cu²⁺ + 2e⁻ → Cu

Kijiti cha kathodi hupata tabaka la rangi nyekundu ya kahawia. Kwenye anodi ya grafiti, ioni ya salfeti haiguswi, kwa sababu OH⁻ huacha elektroni kwa urahisi zaidi, na oksijeni hutoka kwa mlinganyo ule ule wa 4OH⁻. Rangi ya buluu hupauka kadiri Cu²⁺ zinavyopungua. Zinazobaki ni H⁺ na SO₄²⁻, yaani asidi ya salfuriki, na maji hayo yatageuza litimasi ya buluu kuwa nyekundu.

Vijiti vya grafiti vikiondolewa na kuwekwa vya shaba, kathodi inabaki vile vile, lakini anodi haitoi kiputo hata kimoja. Shaba ya anodi yenyewe inaacha elektroni na kuingia majini:

Cu → Cu²⁺ + 2e⁻

Kila ioni inayotanda kwenye kathodi inafidiwa na nyingine inayotoka anodi. Kwa hiyo rangi ya buluu haipauki, anodi inakonda, kathodi inanenepa, na uzito unaopotea upande mmoja hulingana na unaoongezeka upande wa pili. Kijiti cha anodi kikipungua gramu 0.32, cha kathodi huongezeka gramu 0.32. Swali linalosema kwamba rangi haikubadilika limekwisha kutaja elektrodi bila kuzitaja kwa jina.

Hali hizo mbili ndizo zinazotumika katika ukanda wa shaba wa Katanga nchini Kongo na wa Zambia. Mawe yenye shaba yakishachujwa kwa asidi ya salfuriki na kuwa salfeti, shaba huvutwa kwa umeme kwa kutumia anodi za risasi ambazo haziyeyuki. Hiyo ni hali ya grafiti: oksijeni hutoka kwenye anodi na asidi hurudi, kisha asidi hiyo hutumiwa tena kuchuja mawe mengine. Shaba iliyopatikana kwa kuyeyushwa tanuruni, ambayo bado ina uchafu, hutengenezwa kuwa anodi yenyewe. Hiyo ni hali ya vijiti vya shaba: metali safi hutanda kwenye kathodi, na uchafu usioyeyuka, ukiwemo fedha na dhahabu, huanguka chini kama tope.

Kanuni ya kathodi ina mahali inapopwaya, napo ni kwenye metali za katikati kama zinki, chuma na risasi. Zote ziko juu ya hidrojeni, na kwa kanuni ya darasani hidrojeni ndiyo ingetoka. Kiwandani, hata hivyo, zinki hupatikana kwa elektrolisisi ya salfeti yake ndani ya maji yenye asidi. Sababu ni ile ile iliyoicheleweshea oksijeni nafasi kwenye anodi: juu ya uso wa zinki, hidrojeni hutoka kwa shida sana, hivyo ioni za zinki zikiwa tele hupokea elektroni kabla yake. Uchafu kidogo tu wa metali nyingine, kama kobalti au nikeli, huifungulia hidrojeni njia, na ndiyo sababu maji hayo husafishwa kwa uangalifu mkubwa kabla umeme haujawashwa. Kwa hiyo swali linapohusu metali hizo, mtahiniwa hutafuta dokezo ndani ya swali lenyewe: kama limetaja viputo, jibu ni hidrojeni, na kama limetaja tabaka la kijivu juu ya kathodi au kuongezeka kwa uzito wake, jibu ni metali.